Wanasema nimesoma mno, nitawakimbia

Shikamoo mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, naishi Mbeya. Nina shahada ya uzamili ya fedha na CPA. Kwa miaka minane nilikuwa katika shirika lililoendesha miradi ya Ukimwi kwa fedha za Wamarekani, nikapanda hadi meneja wa fedha na ruzuku. Mwanzoni mwa 2025 fedha zikasimamishwa, tukapewa barua. Tangu hapo nafunga vitabu vya wafanyabiashara na kuomba ajira kila mahali.

Nimeitwa usaili katika hospitali moja ya kanisa, nafasi ya mhasibu wa kawaida. Mshahara ni milioni moja na laki moja. Kule nilikuwa napokea milioni nne na ushee. Maswali ya kazi niliyajibu vizuri. Kisha Katibu wa Hospitali akaufunga wasifu wangu, akasema: "Dada, wewe umetuzidi. Wazungu wakirudi si utatukimbia?" Nikasema siwezi, naipenda sana hospitali hii. Wakatazamana. Mhasibu mkuu, kijana mwenye stashahada ambaye ndiye atakuwa bosi wangu, hakuniuliza hata swali moja.

Baadaye katibu akanipigia simu. Wananitaka, ila bodi ina wasiwasi. Nipeleke barua ya kuwahakikishia kwamba nitakaa, na nikubali wabaki na vyeti vyangu halisi kwa miaka mitatu. Rafiki yangu anasema kosa ni langu, ningeficha hiyo masta na CPA tangu mwanzo. Mume wangu anasema niahidi chochote, kazi kwanza.

Ukweli ni kwamba bado nina maombi sehemu nyingine, na sijui kama ningekataa wakinipigia. Lakini pia nimechoka na mikataba ya mwaka mmoja mmoja ya miradi, na mwanangu anaanza darasa la kwanza hapa. Niwaambie nini waniamini, bila kuwadanganya?

Aliyesoma Mno, Mbeya

*

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa hayo ya 2025. Agizo lile la Januari 20 la kusimamisha misaada kwa siku 90 liliwakuta watu wengi katikati ya mwezi, wana kodi na ada za kulipa, na wengi wao leo wamekaa mbele ya mabodi madogo kama hiyo yako wakiulizwa swali lile lile.

Nimefanya kazi za utumishi miaka mingi, tena nikiwa upande ule wa meza uliokuhoji. Acha nikuambie bodi inaona nini, kwa sababu nadhani umelisikia neno "kukaa" kwa namna moja na wao wanalisema kwa namna nyingine. Mhasibu wa hospitali hapokei kazi yote siku ya kwanza. Kila siku kuna fedha taslimu za wagonjwa. Kila mwezi kuna madai ya kupeleka Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na mengine hukatwa au hurudishwa, ikabidi mtu afuatilie fomu moja moja ajue kosa lilitoka wodini au dirishani. Kuna deni la Bohari ya Dawa. Halafu mwaka unafungwa, wakaguzi wanakuja. Mtu akiondoka mwezi wa nane, kinachowauma hasa ni kwamba wakaguzi watauliza maswali juu ya maingizo aliyoyafanya yeye, na hakuna atakayeyajibu. Kutangaza nafasi upya ni usumbufu mdogo ukilinganisha na hapo.

Kwa hiyo hofu yao ina urefu wake. Sidhani wanakuomba uzeekee pale. Kama ningekuwa katibu yule, ningelala usingizi kwa mtu anayeniahidi kufunga hesabu za miaka miwili na kusimama na wakaguzi mara zote mbili, kuliko anayeniambia "sitaondoka kamwe". Huyo wa pili simwamini, na kosa si lake. Ni kwamba hata anayepanga kuondoka baada ya miezi mitatu angesema maneno hayo hayo. Ndiyo maana walitazamana ulipotaja mapenzi yako kwa hospitali. Hukukosea adabu. Uliwapa tu kitu ambacho hawana namna ya kukipima.

Sasa, una nini ambacho kinapimika?

Anza na miaka yako minane. Naomba ufungue wasifu wako uangalie umeiandikaje. Watu wa miradi wana mazoea ya kuandika kila mradi kama kazi yake, kwa sababu kila awamu ilikuwa na jina lake, mfadhili wake na mkataba wake. Msomaji wa nje anaona mistari mitatu au minne ya miaka miwili miwili, anajisemea huyu hatulii. Kumbe ni mwajiri mmoja, ofisi moja, na mtu aliyepandishwa vyeo humo humo. Kama wako uko hivyo, andika jina la shirika mara moja, weka miaka yote minane juu, kisha vyeo na miradi chini yake. Katika barua yako sema wazi kwamba kazi ilikwisha kwa sababu fedha zilisimamishwa. Mtu aliyekaa miaka minane mahali ambapo kila mwaka mkataba ungeweza kukoma ameshatoa ushahidi kwamba hakimbii ovyo, na ushahidi huo hauhitaji kiapo.

La pili ni sababu. Sababu inayotuliza waajiri ni ile ambayo ingebaki kuwa kweli hata kama mradi ungerudi kesho. "Sina kazi" haifai, maana itakwisha siku utakapopata nyingine. Lakini wewe umeniandikia sababu nzuri mwishoni mwa barua, umeipitia haraka kama vile haina uzito: umechoka na mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Hiyo iseme. Sema kwamba umefanya kazi yenye mshahara mkubwa isiyokuwa na kesho, na sasa unatafuta yenye kesho hata kama mshahara ni mdogo. Ni jibu ambalo mjumbe wa bodi mwenye shaka anaweza kulitafuna akaona lina mantiki. Kuhusu mtoto na mume, ni hiari yako kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya ndoa au majukumu ya familia, kwa hiyo hawapaswi kukuchimba huko. Ukiona kutaja shule ya mtoto kunakusaidia, taja kwa sentensi moja, usimgeuze mwanao kuwa mdhamini wako.

Kisha fedha. Hawakukuuliza, lakini kila mmoja pale mezani alipiga hesabu kichwani: kutoka milioni nne hadi moja na laki moja, huyu ataishije? Swali lisiloulizwa hujibiwa na mwenye hofu peke yake. Keti na mume wako mpige hesabu ya kweli ya nyumba: kodi kama ipo, ada, chakula, nauli, wanaowategemea kijijini, mkopo kama upo. Kama mshahara ule pamoja na wa mume unatosha, basi waambie hivyo kwa utulivu: "Nimepiga hesabu na mwenzangu, mshahara huu tunaumudu." Msiwaonyeshe karatasi. Kama hesabu inakataa, ni heri uijue leo ukiwa nyumbani, kwa sababu mshahara usiotosha utakuondoa pale hata kama moyo umekubali. Na hapo swali la barua litakuwa limebadilika: labda uwaombe waongeze kidogo, au wakubali uendelee na vitabu vya wateja wako jioni, kwa maandishi, ili isije ikaonekana umewaficha.

Nije kwenye vyeti. Usinielewe vibaya, sidhani katibu ana nia mbaya. Ni mtindo uliozoeleka mahali pengi. Lakini vyeti halisi ni mali yako, na vikiungua au kupotea kabatini kwao, safari ya kupata vingine chuoni na kwenye bodi ya wahasibu ni yako peke yako. Isitoshe, havitakuzuia kuondoka. Vitakuzuia kuondoka vizuri tu. Mtu aliyeshikiwa vyeti huomba ruhusa ya kwenda msibani kisha asirudi. Nenda na vyeti halisi wavione, waachie nakala zilizothibitishwa.

Ila usikatae mikono mitupu. Wanataka kitu cha kushika, nawe unaweza kuwapa chenye maana zaidi, nacho ni notisi ndefu. Kwa sheria ya Tanzania, mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza kazini, notisi yake ni siku zisizopungua 28. Mnaruhusiwa kukubaliana ndefu zaidi, kwa sharti moja: iwe sawa kwa pande zote mbili. Ukiwaambia "niandikieni notisi ya miezi mitatu", unawapa muda wa kupata mtu na wewe kumkabidhi kazi ukiwepo. Nao wakitaka kukuachisha, watakupa miezi mitatu ile ile. Angalia tu hasara yake: mwajiri mwingine akikutaka ndani ya mwezi mmoja, huenda asikusubiri. Ndiyo gharama yenyewe, na ndiyo inayoifanya iaminike.

Njia nyingine ni mkataba wa miaka miwili. Kwa kada ya kitaaluma kama yako sheria inauruhusu. Unawapa miaka miwili waliyoitamani, nawe unajua mwisho wako uko wapi. Lakini usome vizuri, maana ukiuvunja katikati wanaweza kukudai fidia, na ukifika mwisho wake unakoma wenyewe. Kwa mtu aliyechoka na mikataba inayokoma, sijui kama hapo utakuwa umetoka mahali au umerudi pale pale. Wakikuletea karatasi ya kurudisha gharama ukiondoka mapema, uliza gharama zipi na kiasi gani, kiandikwe humo, na kipungue kadiri miezi inavyokwenda. Usisaini kiwango kilichoachwa wazi.

Barua wanayoitaka isizidi nusu ukurasa. Ningekuwa wewe ningeanzia hapa, kisha niisahihishe hadi kila neno liwe kweli kwangu:

"Nimeelewa wasiwasi wa bodi na naona ni wa haki. Nilikaa na mwajiri wangu wa mwisho miaka minane, nikaondoka fedha za mradi ziliposimamishwa. Natafuta kazi ya kudumu Mbeya, na mshahara mliotaja nimeufikiria na familia yangu. Siwezi kuahidi maisha yangu yote, lakini nakusudia kufunga hesabu za miaka miwili na kuwepo wakati wa ukaguzi wa kila mwaka. Nipo tayari mkataba uwe na notisi ya miezi mitatu kwa pande zote mbili, na nitaandika taratibu za kazi yangu tangu mwezi wa kwanza ili atakayenifuata asianze gizani. Vyeti halisi nitavileta vikaguliwe na kuwaachia nakala zilizothibitishwa."

Kuna mtu mmoja ambaye barua hiyo haitamfikia, naye ndiye ananisumbua kuliko katibu: yule mhasibu mkuu aliyenyamaza. Nimeona usaili mwingi, na mara nyingi swali la "utatukimbia?" hutoka mdomoni mwa mmoja huku hofu ikiwa kwenye kiti cha pili. Ana stashahada, umri mdogo, na mbele yake ameketi mtu aliyesimamia ruzuku za wafadhili. Huenda hofu yake ni kwamba hutaondoka. Wakikuita tena, omba dakika chache naye. Muulize kazi inagawanywaje, madai ya bima yanamkwamisha wapi, anapenda taarifa zimfikieje. Ujizuie kusema utawasaidia "kuboresha mfumo". Najua umelizoea neno hilo kwenye miradi, lakini kwa aliyeujenga huo mfumo ni hukumu. Na ujiulize faraghani, bila aibu, kama utaweza kupeleka kazi yako ikaguliwe na kijana huyo, akakukosoa, ukarudi kesho bila kinyongo. Wengi wenye elimu kubwa hawaondoki kwa sababu ya mshahara, wanaondokea hapo.

Rafiki yako anasema ungeficha elimu. Ninaelewa anakotoka. Lakini miaka minane ya umeneja ingejazwa na nini? Ama uache pengo, ama uandike cheo ambacho hukuwa nacho, na Mbeya si kubwa kiasi hicho. Fomu ya maombi ikitaka elimu yote na wewe ukasaini nusu, umewapa sababu ya kukuachisha siku watakapojua. Tofauti ipo kati ya kuficha na kupanga: unaweza kuweka juu ya wasifu kazi za kila siku zinazofanana na zao, kama kulinganisha hesabu za benki na kuandaa vitabu vya ukaguzi, na masta ikakaa chini kwenye sehemu yake, bila kupigiwa ngoma.

Mume wako naye simlaumu. Nyumba isiyo na kipato cha uhakika haingojei falsafa. Ila "ahidi chochote" inadhani ahadi inaisha siku ya kuajiriwa, na kwako haitaisha: wafadhili, makanisa na hospitali za kanda hii hupigiana simu kuulizana watu. Ukiondoka mwezi wa nne baada ya kuandika miaka mitatu, simu hiyo itajibiwa kwa sauti fulani.

Kuhusu maombi uliyotuma kwingine, huna wajibu wa kuyatangaza. Lakini yachukue moja moja ujiulize: hii ikinipigia nikiwa na miezi mitano pale, nitakwenda? Huenda utakuta nyingi ulizituma kwa hofu tu, na hizo unaweza kuziondoa mwenyewe kabla hujasaini. Ikibaki moja au mbili ambazo moyo haukubali kuziacha, basi miaka miwili kwenye barua ile si ya kweli kwako. Hapo unaweza kuandika mwaka mmoja, au kuwapendekezea kazi yenye mwisho, kama kusafisha malimbikizo ya madai ya bima na kuandaa ukaguzi ujao, ukalipwa kwa kazi hiyo. Wanaweza kukataa. Au ukawaomba wiki moja zaidi. Yote haya yanaruhusiwa, na ni wewe unayejua ni lipi utaliandika bila mkono kusita.

Nikuongezee jambo moja kutoka kwa watafiti. Mwaka 2009 Berrin Erdogan na Talya Bauer walichapisha utafiti juu ya wauzaji wa maduka ya nguo Uturuki. Waliojiona wamezidi kazi yao kwa sifa ndio waliouza zaidi, na pale walipopewa uhuru na usemi katika kazi, ule mwelekeo wa kutoridhika na kuondoka ulipungua. Duka si hospitali, lakini utafiti huo unahamisha sehemu ya swali kwa mwajiri. Anaweza kukupa jambo moja la kuliongoza mwenyewe, tuseme hayo madai ya bima yanayorudishwa, huku mengine yakibaki kwa mhasibu mkuu? Omba hilo mapema. Ni sababu ya kukaa, na linawasaidia.

Na kabla hujapeleka barua, muulize katibu, kwa sauti ya kawaida tu, aliyekuwa kwenye nafasi hii aliondoka kwa nini, na aliyemtangulia je. Akikuambia mmoja alistaafu na mwingine amehamia Songwe na familia, vizuri. Akikuambia wamepita wahasibu kadhaa kwa muda mfupi na hakuna aliyekuwa na masta, basi kuna jambo pale ambalo barua yako haitalitibu, na una haki ya kulijua kabla ya kuahidi miaka.